Kwa nini majibu huhama maswali yake?

"Nimepiga picha maswali ya kuchagua ya hisabati na majibu yake. Nataka yawe zoezi safi, majibu yakae karatasi nyingine. Mbona kila nikimaliza, majibu hayalingani na maswali?"

Mchawi ni namba. Ukipandisha picha kwenye Google Drive, ukaifungua kwa Open with kisha Google Docs, maandishi yanatoka, lakini kompyuta inasoma mistari tu, haijui swali linaanzia wapi. Tuseme mtihani una maswali 40 na la 12 limeangukia kwenye mkunjo wa karatasi, likarukwa. Ukiweka namba za kujihesabu zenyewe, la 13 linageuka la 12, na kuanzia hapo kila swali linabeba jibu la jirani yake. Kwa hiyo zima hizo namba, acha zile za kwenye karatasi, kisha hesabu: ukipata 39, unajua kuna moja limepotea na pengo linakuonyesha ni lipi.

Majibu nayo yana hila yake. Mara nyingi hupangwa safu nne, kumi kumi, nawe unasoma kushuka. Kompyuta inaweza kusoma kwa mlalo: 1 C, 11 A, 21 D, 31 B. Namba zikibaki, hakuna shida. Zikidondoka, unabaki na msururu wa herufi, na ukizipanga kuanzia la kwanza umeshaharibu. Mimi safu hizi huzichapa kwa mkono. Herufi 40 hazichukui hata dakika tano.

Kabla ya kutenganisha, unganisha kwanza. Chini ya kila swali andika herufi pamoja na jibu lenyewe. Chukua swali la 17: "Tafuta thamani ya 3² + 4²", machaguo ni A. 14, B. 25, C. 49, D. 7, na jibu ni B. Unaandika "17. B – 25". Sasa kokotoa: 9 + 16 ni 25, sawa. Lakini kwenye picha vipeo hushuka kirahisi, swali likasomeka "32 + 42". Hiyo ni 74, haimo kwenye machaguo, na hapo ndipo kosa linajifichua. Usipokokotoa, mtoto ndiye atakayehangaika nalo. Kwenye Kiswahili, angalia "neno lililopigiwa mstari": mstari wenyewe mara nyingi haufiki.

Ukitaka kuchanganya machaguo, changanya sasa, jibu likiwa bado chini ya swali, ubadilishe na herufi yake. "Yote hapo juu" libaki mwisho.

Baada ya hapo ndipo ubonyeze Ctrl+Enter mwisho wa zoezi upate ukurasa mpya, kisha ukate mistari ya majibu mmoja mmoja, kila mmoja uubandike huko kabla ya kukata unaofuata. Usichapishe majibu nyuma ya karatasi ya maswali. Karatasi nyepesi ikiinuliwa dirishani inasomeka yote.