Mtoto wa kilo 14 anakwenda Geita: vidonge vingapi vya kinga ya malaria?

Swali hili huja duka la dawa kila likizo, ndugu wa nje wanapotua Dar na watoto ambao hawajawahi kuishi penye malaria. Aghalabu mzazi hutaja umri wa mtoto. Mimi nataka uzito, tena wa mizani ya wiki hii, kwa sababu dozi inafuata kilo.

Tuchukue mtoto wa kilo 14 anayekaa nchini siku 21: nne Dar, 17 Geita. Dawa ni atovakwoni na proguanili, kidonge cha watoto chenye miligramu 62.5 na 25. Anayezidi kilo 10 hadi 20 humeza kimoja kwa siku. Anayezidi 20 hadi 30, viwili. Anayezidi 30 hadi 40, vitatu. Akipita kilo 40 anapewa kimoja cha mtu mzima. Wenye kilo 10 kushuka hadi tano hupewa vipande vya kidonge. Hao mwachieni mfamasia awakatie. Chini ya kilo tano hapewi.

Huyu wetu anaanza siku mbili kabla ya kusafiri, anameza siku zote 21, kisha siku saba baada ya kuondoka. Jumla vidonge 30, na viwili au vitatu vya akiba. Hesabu ya zile siku 21 inaanza ndege inapotua Dar, maana hapa pia mbu wa malaria wapo.

Zile siku saba za mwisho ndizo watu huziacha. Vimelea vya kuumwa usiku wa mwisho hupitia kwanza kwenye ini, na dawa lazima ivikute huko.

Kidonge kinywewe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, la sivyo atovakwoni haifyonzwi vizuri. Ni kichungu; kipondwe, kichanganywe na maziwa. Akitapika kabla ya saa moja kupita, rudia dozi.

Angekaa miezi mitatu, vingekuwa vidonge 99, na bei yake si ya mchezo. Hapo daktari anaweza kufikiria meflokwini: kwa kilo 14 ni robo ya kidonge cha miligramu 250 mara moja kwa wiki. Lakini inaanza angalau wiki mbili kabla ya safari na kuendelea wiki nne baada ya kuondoka, kwa kuwa haigusi vimelea vilivyo kwenye ini. Mwenye historia ya degedege, maradhi ya akili au hitilafu ya mapigo ya moyo asipewe.

Msichukue dawa ya mseto mkaigeuza kinga. Hiyo ni ya matibabu. Mtoto akipata homa, hata kama hajaruka kidonge hata kimoja, apimwe siku hiyohiyo, na mhudumu aambiwe anatumia kinga gani, ili asitibiwe kwa dawa ileile.