Wasifu wa Kazi Unaosomeka kwa Sekunde Saba

Mwaka 2018 kampuni ya ajira ya Ladders ya Marekani ilifuatilia macho ya maafisa waajiri walipokuwa wakichambua wasifu za waombaji. Kwa wastani, kila wasifu ulitazamwa sekunde 7.4 kabla ya afisa kuamua kama unastahili kusomwa zaidi. Kwa muda huo hakuna anayesoma. Jicho linashuka upande wa kushoto, linatafuta cheo, mahali pa kazi na miaka. Lisipovikuta, linaendelea na karatasi inayofuata.

Kosa tunaloliona zaidi katika kitengo chetu cha ushauri wa ajira ni kubana. Mwombaji ana kurasa mbili na robo na anataka zibaki mbili, basi anapunguza fonti hadi 9 na kusogeza pambizo hadi sentimita 1.27. Maneno yanaenea, lakini tazama kinachotokea kwenye mstari. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo mstari sasa una sentimita 18 na nusu, na kwa fonti 9 ya Calibri unabeba karibu herufi 120. Wasanifu wa vitabu hupendelea herufi 45 hadi 75. Mstari ukirefuka hivyo, jicho linapofika mwisho hupotea njia ya kurudi mwanzo wa mstari unaofuata.

Rudisha pambizo kwenye sentimita 2.54, au 2 ukiwa na shida kweli, na fonti kwenye 11. Calibri na Arial zinafaa, na zimo kwenye kompyuta nyingi za ofisi. Times New Roman inasomeka pia, ila ilibuniwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, lenye safu nyembamba, hivyo herufi zake zimebanana kidogo. Iandike kwa 12. Fonti moja inatosha wasifu mzima. Vichwa vitofautishe kwa wino mzito na ukubwa wa 13 au 14.

Kinachopaswa kupungua ni maneno, na hapo ndipo kazi ilipo. Chukua mfano wa mhasibu msaidizi aliyeandika kitone hiki:

"Nilikuwa na jukumu la kuhakikisha kwamba malipo yote ya wasambazaji yanashughulikiwa kwa wakati na pia kusaidia katika maandalizi ya usuluhisho wa akaunti za benki kila mwezi."

Hayo ni maneno 26, na sita ya mwanzo hayasemi chochote kuhusu kazi yake. Kigawe:

- Malipo ya ankara 120 za wasambazaji kila mwezi
- Usuluhisho wa akaunti 3 za benki kila mwisho wa mwezi

Kila kitone kimekaa kwenye mstari mmoja. Miwili inavumilika, wa tatu ni aya iliyojificha. Angalia pia kwamba tumeondoa "nili-". Vitone sita vinavyoanza "Nilisimamia", "Nilisaidia", "Niliandaa" vinafanana ukingoni mwa kushoto, mahali hasa jicho linapopita. Anza na jina la kazi yenyewe. Vitone vinne au vitano vinatosha kwa kazi ya sasa, viwili kwa ile ya miaka kumi iliyopita.

Nafasi tupu nayo ina kazi: inaonyesha kipi ni cha kipi. Kichwa kikae karibu na maelezo yake kuliko yaliyotangulia. Weka pointi 12 juu ya kichwa na 4 chini yake, kwa kutumia mpangilio wa aya, si kwa kubonyeza Enter mara mbili. Miaka isukume hadi ukingo wa kulia kwa kituo cha tabo. Ukiisukuma kwa kitufe cha nafasi, tarehe haziwezi kunyooka, na zitayumba zaidi faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine. Kwa sababu hiyo hiyo tuma PDF, isipokuwa tangazo limeomba Word.

Wengi hujaza theluthi ya juu ya ukurasa wa kwanza kwa tarehe ya kuzaliwa, dini na hali ya ndoa. Hapo pawe na jina, simu, barua pepe, kisha kazi ya sasa. Wadhamini watatu wanaoombwa kwenye matangazo ya serikali Tanzania wakae mwisho kabisa.

Ukimaliza, mpe mtu asiyejua kazi yako ukurasa wa kwanza, hesabu hadi saba kimoyomoyo, kisha uchukue. Muulize unafanya kazi gani, wapi, tangu lini. Akikosa mwaka, tarehe zako zimezama ndani ya sentensi. Akikosa cheo, kuna kitu kingine juu ya ukurasa kilichoandikwa kwa wino mzito kuliko cheo hicho, mara nyingi ni neno "WASIFU" lenyewe, ambalo unaweza kulifuta.