Dakika kumi na tano zisizokuwepo: kurekebisha ratiba ya muuaji katika hadithi ya upelelezi

Ninahariri hadithi za upelelezi, na kasoro ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote ni ya saa: mshukiwa anadai alikuwa mahali pengine, mpelelezi anavunja dai hilo katika sura ya mwisho, lakini ukizijumlisha dakika unakuta kwamba hata muuaji mwenyewe asingeweza kuua. Nitaeleza mswada mmoja wa namna hiyo, bila kuutaja mwandishi wake.

Mpwa wa mfanyabiashara tajiri amealikwa chakula cha jioni. Anaondoka mezani saa 2:40 usiku akisema anakwenda kupiga simu, na mpishi anamwona akirudi saa 3:05. Nyumba ya mjomba wake iko mwendo wa dakika 15 kwa miguu, na tunalijua hilo kwa hakika kwa sababu mpelelezi mwenyewe anautembea katika sura ya pili. Kwenda na kurudi ni dakika 30, na kuingia, kuua na kufungua kasha la fedha ni dakika 10 nyingine. Muuaji anahitaji dakika 40 ilhali amepewa 25.

Wazo la kwanza la mwandishi lilikuwa kumpa baiskeli. Hesabu ingekubali, lakini msomaji aliyekwisha kutembea njia ile pamoja na mpelelezi angejiona amedanganywa, kwa kuwa baiskeli hiyo haikuwahi kuonekana popote kabla ya ungamo. Kufupisha njia nako kungeharibu sura ya pili, ambayo ndiyo bora kuliko zote katika mswada ule.

Kabla ya kubadilisha chochote, huwa ninachora jedwali na kuandika kila saa inayotajwa, nani aliyeitaja, na aliijuaje. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Saa 2:40 ilithibitishwa na wageni watatu, na mwenyeji aliitazama simu yake wakati huohuo. Mlio wa risasi, saa 2:58, ulisikiwa na jirani aliyepiga simu polisi papo hapo. Daktari hakuweza kusaidia, kwa sababu joto la mwili na ukakamavu wa maiti humpa makadirio ya saa kadhaa, wala si dakika; mwandishi anayemfanya daktari ataje dakika anajitengenezea kasoro ya pili. Saa 3:05, kwa upande wake, ilitegemea mtu mmoja tu: mpishi, ambaye hakutazama saa. Alisema kijana aliingia taarifa ya habari redioni ilipokuwa inamalizika, na mpelelezi akakisia mengine, kwa kuwa taarifa hiyo husomwa saa 3:00 kwa dakika tano.

Hapo ndipo tulipoikuta nafasi ya kurekebisha. Usiku ule mechi iliyokuwa ikitangazwa ilichelewa kuanza kwa dakika 15 kwa sababu ya mvua, na habari zikasogezwa mbele. Mpishi amesema kweli tupu, lakini kijana alirudi saa 3:20. Ratiba sasa inakaa sawa: anafika saa 2:55, risasi inalia 2:58, anatoka 3:05, dakika ileile ambayo polisi waliamini yuko mlangoni pa mwenyeji wake. Ninalipenda suluhisho hili kwa sababu kosa ni la mpelelezi katika kufasiri, si la shahidi aliyegeuzwa mwongo dakika za mwisho.

Marekebisho hayo yana gharama yake. Kidokezo lazima kipandwe mapema, kwa hiyo katika sura ya nne mgeni mmoja sasa analalamika, katikati ya mazungumzo mengine, kwamba mvua iliwachelewesha wachezaji. Wageni nao wamehamia sebuleni kufuatilia mechi ili pasiwe na mwingine anayejua kijana alirudi lini. Zaidi ya hayo, muuaji hakuweza kujua mapema kwamba maneno ya mpishi yatafasiriwa vibaya hivyo. Ukurasa mzima aliojigamba kuwa alipanga kila kitu ulifutwa, na badala yake anagundua bahati yake anapohojiwa, kisha ananyamaza. Simu aliyodai kupiga lazima iwe ya kweli, kwa maana polisi wataiomba orodha ya simu zake, na nyumba zilizo karibu kiasi hicho huweza kuhudumiwa na mnara mmoja wa simu, hivyo orodha haitaonyesha kwamba aliondoka.

Mwishoni huusoma mswada wote nikiwa na jedwali mkononi. Kutafuta "3:05" kwenye kompyuta hakutoshi, kwani saa ileile inaweza kujificha ndani ya maneno kama "habari zilipokwisha", au ndani ya orodha ya simu, ambako saa 2:41 usiku huchapwa 20:41. Katika mswada huu orodha ilionyesha 21:41, yaani saa 3:41, wakati ambao kijana alikuwa amekwisha kurudi na kuketi nyuma ya wageni wenzake.