Ukitumiwa Faili na Maneno Mawili Tu, "Rekebisha Hii"

Kwenye dawati la TEHAMA tunapokea ujumbe wa aina hii kila siku: faili limeambatishwa, chini yake pameandikwa "rekebisha hii", basi. Aliyetuma anaona kosa limekaa wazi kama mchana, kwa hiyo haoni haja ya kulitaja. Na wewe unayesoma, awe ni bosi wako, mdogo wako au katibu wa kikundi chako aliyekutumia, huna budi kukisia anachotaka kabla hujagusa kitu.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa unafanana sana na yale tunayokutana nayo. Katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa anatuma faili linaloitwa `WANACHAMA FINAL 3.csv` na ujumbe huu: "Rekebisha hii wamerudisha naitaka kabla ya saa nane". Faili ni orodha ya wanachama yenye majina, namba za NIDA, namba za simu na tarehe za kuzaliwa.

Mimi huanza na aina ya faili, kwa sababu ndiyo inayopunguza makisio haraka kuliko kitu kingine chochote. Angetuma `.docx`, ningefikiria tahajia, lugha na mpangilio wa kurasa. Angetuma picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu, huenda anataka ichapwe upya. PDF ni ngumu zaidi: mara nyingi mtu huituma kwa kuwa faili la mwanzo hana, na anachohitaji ni jina moja au tarehe moja ibadilike, si waraka mzima uandikwe upya. Lakini `.csv` haina rangi, haina herufi nene, haina mistari ya jedwali. Kwa kawaida hutengenezwa ili mfumo uisome. Kwa hiyo "rekebisha" hapa haimaanishi "ipendezeshe". Inamaanisha mfumo umeikataa.

Faili la namna hii lifungue kwanza kwa `Notepad`, si kwa `Excel`. `Excel` ina tabia ya kubadilisha inachokiona kuwa namba, na ukihifadhi tu, umeongeza kosa lako juu ya lake. Ndani ya `Notepad` tunaona hivi:

```
full_name,nida_no,phone,dob
ASHA MOHAMEDI,1.99803E+19,713xxxxxx,03/04/1998
```

Sasa tuiangalie lugha. Ujumbe ni wa Kiswahili, vichwa vya safu ni vya Kiingereza. Msaidizi mwenye bidii angeweza kuvitafsiri vichwa hivyo akidhani ndicho kilichoombwa. Angeharibu. Herufi ndogo zenye mstari wa chini, kama `full_name`, hazikuandikwa kwa ajili ya msomaji bali kwa ajili ya mfumo, ambao huenda unatafuta neno hilo hilo bila kupungua wala kuzidi. Lugha ya ujumbe inakuambia umjibu vipi katibu. Lugha iliyo ndani ya faili inakuambia kazi yenyewe ibaki katika lugha gani. Ni mambo mawili tofauti, na wengi huyachanganya.

Tahadhari hiyo inahusu majina pia. "Mohamedi" lisigeuzwe kuwa "Mohamed", wala "Athumani" kuwa "Othman", hata kama jicho lako limezoea vingine. Jina kwenye orodha ya aina hii hupimwa kwa kitambulisho cha mwenye jina. Kwenye hadithi ningelijadili, hapa siligusi.

Kosa lenyewe liko kwenye namba. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. `Excel` hubeba tarakimu 15 tu za namba moja, zinazozidi huzigeuza sifuri, kisha namba ndefu huionyesha kwa kifupi kama `1.99803E+19`. Faili linapohifadhiwa kama `.csv`, kinachoandikwa ni kile kilichoonekana kwenye skrini. Zimebaki tarakimu sita, nyingine zimekwenda. Lingekuwa `.xlsx`, tungekuta tarakimu 15 za mwanzo zingali ndani na kupoteza tano za mwisho tu. Hata hivyo, namba ingebaki haifai.

Namba ya simu imeumia kidogo tu. Sifuri ya mbele imedondoka kwa kuwa namba haianzi na sifuri katika hesabu. Kwa kuwa namba za simu za mkononi za Tanzania zina tarakimu kumi zikianza na sifuri, 713 na tarakimu sita nyuma yake inarudishiwa sifuri yake bila wasiwasi. Hiyo naweza kuitengeneza mwenyewe. Ya NIDA siwezi, na mtu yeyote anayekuambia ataijaza kwa kubahatisha usimpe faili.

Kuna jambo moja la kufurahisha kwenye mabaki hayo. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwa hiyo `1.99803` bado inasema 1998, mwezi wa tatu. Safu ya tarehe inasema 03/04/1998, ambayo mzoefu wa huku angeisoma tarehe 3 Aprili. NIDA inasema Machi. Basi inaelekea kompyuta iliyotumika iliandika tarehe kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi mbele, na huenda hilo nalo ni sababu ya orodha kurudishwa. Katibu hakulitaja, na pengine halijui.

Imebaki sauti ya ujumbe. Kutokuwa na salamu wala nukta kunaweza kukufanya uhisi umegombezwa. Mimi sauti huiamini kidogo kuliko vyote, maana mtu mmoja huandika kwa mkato akiwa ndani ya daladala na mwingine huandika "shikamoo, samahani kwa usumbufu" kwa shida ile ile. Sauti hainionyeshi kosa. Inanionyesha muda nilionao na mipaka ya ruhusa yangu. "Wamerudisha" inasema kuna mtu wa tatu anayepokea, na yeye ndiye mwenye masharti. "Kabla ya saa nane" inasema nisimrushie maswali sita. "Final 3" inasema ameshajaribu mwenyewe na amechoka.

Kwa hiyo namjibu kwa ujumbe mmoja: "Katibu, nimeona. Simu narudisha sifuri, tarehe naweka siku mbele. Namba za NIDA zilikatika faili lilipopita kwenye Excel, haziwezi kutoka humu. Nitumie orodha ya mwanzo kabla hujaifungua, au fomu za wanachama. Na kama una ujumbe wa waliorudisha, nipigie picha." Nimetaja ninachofanya ili kama nimekisia vibaya anizuie, nimeomba kile nisichoweza kukitengeneza, na faili lake nimelihifadhi kama lilivyo pembeni. Orodha hiyo isizunguke kwenye kundi la WhatsApp kutafuta fundi. Namba hizo ni taarifa binafsi za watu.

Orodha ya mwanzo ikifika, ndani ya `Excel` pita `Data`, kisha `From Text/CSV`, na pale penye `Data Type Detection` chagua `Do not detect data types`. Tarakimu zote 20 zitaingia kama maandishi na sifuri za simu zitabaki mahali pake. Ukimaliza, hifadhi kama `.csv`, kisha lifungue tena kwa `Notepad` uone kama kuna `E+` popote. Ukikuta mstari wa juu kabisa umeandikwa `Column1,Column2` na kuendelea, ufute ili mstari wa `full_name` uwe wa kwanza. Katibu akipokea, asilifungue kwa kulibofya mara mbili na kulihifadhi tena. Alipakie moja kwa moja kwenye mfumo.