Tiketi, geti na benki: hesabu za tamasha zinavyoweza kulingana huku fedha zimepotea

Mwandaaji wa tamasha akiulizwa Jumatatu kama hesabu ziko sawa, mara nyingi hujibu kwa namba mbili: tiketi zilizotoka ni kadhaa, walioingia ni kadhaa, tofauti ni ndogo. Sisi wakaguzi wa ndani jibu hilo hututia wasiwasi kuliko la yule anayekiri kwamba hesabu zimemchanganya. Tofauti ndogo kwenye jumla inaweza kuwa mapengo mawili makubwa yanayovutana, moja likilifunika jingine. Ndiyo maana ukaguzi wa mapato ya getini hauanzi na jumla. Unaanza kwa kutenganisha kila njia ambayo tiketi ilipitia kumfikia mteja, kisha kila njia inafuatwa peke yake hadi benki.

Tuchukue mfano niliouandaa kwa ajili ya makala hii. Ni onyesho la taarabu, Jumamosi usiku, kiingilio kimoja cha shilingi 10,000. Tiketi ziliuzwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mtandaoni, kupitia wakala anayepokea malipo kwa simu na kumtumia mteja msimbo wa kuskani. Ya pili ni vitabu vya karatasi vyenye msimbo na namba za mfululizo, kila kitabu kurasa 50, vikauzwa na wauzaji wa mtaani na dirishani.

Mtandaoni zilitoka tiketi 1,400, na 35 kati ya hizo zikafutwa baada ya wateja kurudishiwa fedha. Zikabaki halali 1,365. Upande wa karatasi vilichapwa vitabu 20, yaani tiketi 1,000. Vitabu sita vilirudi bila kuuzwa, kimoja kikagawiwa kama mwaliko wa bure, hivyo zilizouzwa ni 650. Tiketi zilizokuwa na haki ya kupita getini, pamoja na za mwaliko, ni 2,065. Mashine za kuskani zinaonyesha zimepitisha watu 2,021. Tofauti ni 44. Ukumbi wa watu elfu mbili kukosa watu 44 ni jambo la kawaida kabisa, na wengi wangefunga faili hapo.

Sasa zitenganishe. Za mtandaoni zilizoskaniwa ni 1,268, kwa hiyo 97 hazikuonekana getini. Za karatasi zilizoskaniwa ni 753, wakati zilizotolewa, kuuzwa na mwaliko kwa pamoja, ni 700 tu. Hapo mambo yamebadilika. Tiketi kutoskaniwa kuna sababu nyingi zisizo na hatia: mvua, ugonjwa, mtu kununua mapema akasahau. Lakini geti kupitisha tiketi 53 zaidi ya zilizotolewa hakuna maelezo ya bahati. Ama tiketi moja imetumika zaidi ya mara moja, ama zimepita tiketi ambazo kwenye vitabu vyetu hazikuuzwa. Ile tofauti ya 44 tulikuwa tunaipata kwa kutoa 53 hizo kwenye 97 za mtandaoni.

Kujua ni lipi kati ya hayo mawili ni kazi ya namba za mfululizo, si ya kubishana na walinzi. Omba kumbukumbu yote ya mashine, tiketi moja kwa mstari: namba ya tiketi, geti, mashine, saa na dakika. Usipokee muhtasari. Ukiiweka kwenye Eksel, namba zikiwa safu ya B, fomula hii, ukiianza mstari wa 2 na kuinakili hadi mstari wa mwisho, itakuonyesha kila tiketi imeonekana mara ngapi:

```
=COUNTIF(B:B,B2)
```

Panapotokea 2 au zaidi, soma saa. Na kabla ya kuisoma, hakikisha ni saa ya wapi. Mifumo mingi huhifadhi muda wa Griniwichi, ambao uko nyuma ya wetu kwa saa tatu, hivyo mtu aliyeingia saa 3 usiku anaonekana ameingia saa 12 jioni kabla geti halijafunguliwa. Kuna tuhuma nzito ambazo zimewahi kujengwa juu ya saa tatu hizo.

Katika mfano wetu, skani 31 ni za kurudia: namba ileile geti la mashariki na tena geti la magharibi. Zote zimetokea katika kipindi ambacho mtandao ulikatika. Mashine ya kuskani ikiwa nje ya mtandao huendelea kufanya kazi kwa orodha iliyomo ndani yake. Inakumbuka ilichopitisha yenyewe, lakini haijui mwenzake wa geti la pili amepitisha nini. Mtandao ukirudi, zote mbili hupeleka taarifa zao na marudio yanaonekana, wakati huo mtu ameshakaa kwenye kiti. Muda kati ya skani ya kwanza na ya pili husaidia kukisia kilichotokea. Dakika moja kati ya mageti yaliyo pande mbili za ukumbi ina maana kulikuwa na karatasi mbili, yaani nakala. Dakika 15 au 20 zinaweza kuwa tiketi iliyorushwa nje juu ya ukuta, au mtu aliyetoka akarudi kupitia geti jingine, na huyo wa mwisho hajaiba kitu. Kwa vyovyote, skani hizi 31 hazina deni kwa muuzaji. Tiketi iliuzwa mara moja na fedha yake ikapokelewa mara moja. Kumkata mshahara mkata tiketi kwa marudio ya getini ni dhuluma, na huwa inafanyika.

Skani nyingine 38 si za kurudia, na hizi ndizo kiini cha kazi nzima. Namba zake zinaangukia ndani ya vile vitabu sita vilivyorudishwa kama havikuuzwa. Vitabu vipo kabatini, vina majalada, fomu ya marejesho imesainiwa. Aliyepokea alihesabu majalada: sita mara 50, 300, sahihi. Hakufungua. Ukivifungua unakuta kurasa za katikati zimenyofolewa pamoja na vishina vyake, za mwanzo na za mwisho zimeachwa ili kitabu kionekane kizima. Hiyo ni shilingi 380,000 iliyolipwa na watu 38 na haikufika kwa mhasibu. Za karatasi zilizotumika kihalali, ukiondoa 31 na 38, ni 684 kati ya 700, kwa hiyo 16 hawakuja. Jumlisha 31 na 38, toa hao 16, unapata zile 53. Sasa hesabu ya getini imefungwa.

Tazama upande wa benki utaona kwa nini geti lilikuwa muhimu. Mauzo ya karatasi ni 650, yaani 6,500,000. Slipu ya benki ya Jumatatu ni 6,180,000. Pengo ni 320,000, na maelezo yake yapo: 120,000 ya dizeli ya jenereta yenye risiti ya EFD, 140,000 waliyolipwa wabeba viti kwa orodha ya majina bila sahihi, na 60,000 upungufu wa dirisha moja. Pengo limeelezwa lote, na ile 380,000 haimo. Wala haiwezi kuwamo, kwa sababu kipimo cha benki kimejengwa juu ya mauzo yaliyotangazwa, na tiketi zile 38 hazikutangazwa. Anayelinganisha mauzo na benki peke yake angeziona hesabu safi.

Kueleza pengo, hata hivyo, si kulihalalisha. Dizeli ilinunuliwa kweli, lakini kwa fedha mbichi, iliyotoka getini kabla ya kufika benki. Mapato yaandikwe 6,500,000 kamili na dizeli iandikwe kama matumizi. Ukiandika mapato 6,380,000 kwa kuwa ndiyo iliyobaki, umepunguza mapato na umeficha matumizi kwa mstari mmoja, na wabia wanaogawana asilimia ya kiingilio watakuwa wamepunjwa bila kujua. Ile 140,000 inabaki hoja hadi waliolipwa watambuliwe. Ile 60,000 ni ya mwenye dirisha aliyesaini kupokea vitabu na chenji.

Upande wa mtandaoni kosa lilikuwa la aina nyingine. Tiketi halali 1,365 ni shilingi 13,650,000. Mkataba unampa wakala kamisheni ya asilimia 5, ambayo ni 682,500, kwa hiyo tulitarajia 12,967,500. Taarifa ya benki inaonyesha 12,617,500, pungufu ya 350,000. Kwanza subiri siku za malipo zilizoandikwa kwenye mkataba zipite, maana fedha za wakala haziingii siku ya tamasha. Zikipita na pengo likabaki palepale, angalia kama linagawanyika kwa bei ya tiketi. Hili linagawanyika: ni tiketi 35 kamili, idadi ileile ya zilizofutwa. Mchanganuo wa wakala unamaliza swali. Kama umeanza na tiketi 1,400 kisha ukatoa marejesho, yuko sahihi. Huu umeanza na 1,365, ambazo tayari zimeondolewa marejesho, kisha ukatoa 350,000 tena. Wateja wamerudishiwa mara moja, sisi tumekatwa mara mbili. Mara nyingi huwa ni fomula iliyokosewa upande wa wakala, na barua yenye orodha ya tiketi hizo 35 hutosha kurudisha fedha hiyo. Geti lisingeweza kamwe kuonyesha kosa hili.

Nirudi kwa wale 97 wa mtandaoni. Kabla ya kukubali kwamba hawakuja, chora skani za kila geti kwa dakika tano tano. Ukiona geti moja limenyamaza dakika 20 kabla ya onyesho kuanza, huku mengine yanafurika, uliza. Huenda foleni ilizidi, watu wakasukumana, mlinzi akafungua wakaingia kwa kuonyesha simu tu. Si wizi wa tiketi, lakini ndani ya kundi hilo wasio na tiketi wanaweza kuwa wamepita pia.

Na hapo ndipo njia hii inapoishia. Mtu aliyemtumia mlinzi 5,000 kwenye namba yake binafsi, akaingia bila tiketi, hayumo kwenye mauzo, hayumo kwenye skani, hayumo benki. Hata kadi za kielektroniki kama N-Card, tulizozizoea Uwanja wa Benjamin Mkapa, zinaziba nakala na kurasa za kunyofoa, si geti linalofunguliwa kwa mkono. Anayeweza kumwona ni mtu wa kuhesabu vichwa, asiye chini ya mkuu wa geti, mwenye kaunta ya kubonyeza mkononi, akiandika idadi kila nusu saa. Katika mfano wetu hakuwekwa mtu huyo. Kwa hiyo ripoti itaandika 380,000 ya vitabu, 140,000 isiyo na vielelezo, 60,000 ya dirisha na 350,000 ya kudai kwa wakala, na chini yake sentensi moja: idadi halisi ya walioingia ukumbini haikuweza kuthibitishwa.