Virusi vimo mwilini, ataachaje kuambukiza?

"Wanasema mwenzangu mwenye VVU akitumia ARV vizuri hataniambukiza. Lakini kama dawa haziponyi, virusi bado vimo. Basi ataniambukiza tu."

Kuwa na VVU mwilini si sawa na kuwa navyo kwenye majimaji ya mwili. VVU huingia kwenye seli za CD4, zile zinazoamrisha kinga nzima, na kuzigeuza kiwanda cha kutengeneza virusi vipya. Seli hizo hufa, nyingi zikijiua zenyewe baada ya kushambuliwa. ARV huzima uzalishaji huo. Virusi vinavyobaki hujificha kimya ndani ya seli zilizolala, na haviingii kwenye damu wala shahawa kwa kiasi cha kuambukiza.

Utafiti wa HPTN 052, uliohusisha hata wenza wa Kisumu, ulilionyesha hilo. Waliokuwa kwenye dawa wakaambukiza wenza wao walikuwa wachache mno: ama ndiyo kwanza wameanza, virusi havijafubazwa, ama dawa zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi.

Kwa hiyo kinachoangaliwa ni kipimo cha wingi wa virusi, kikae chini ya nakala 200 kwa mililita. Kufika hapo huweza kuchukua miezi 6. Ukiacha dawa, vilivyolala huamka ndani ya wiki chache. Na hayo ni kwa ngono. Kwa kunyonyesha, dawa hupunguza hatari tu, haziiondoi kabisa.