Mshahara haulipwi kwa faida: jinsi ninavyomchunguza mwajiri kabla ya kusaini

Mwaka jana mpwa wangu alinitumia ofa ya kazi pamoja na ripoti ya mwaka ya kampuni iliyotaka kumwajiri. Chini yake aliandika: "Mjomba, wamepata faida ya milioni 60. Nisaini?"

Kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu, kwa hiyo swali hili huletwa kwangu mara kwa mara. Karibu kila anayeniuliza ameshaangalia faida, na faida ndiyo tarakimu ninayoifikia mwisho. Mfanyakazi si mwenye hisa. Kinachomhusu ni kama tarehe ya mshahara ikifika fedha zitakuwa benki. Faida huandikwa pale mauzo yanapofanyika, hata kama mteja hajalipa senti. Kampuni inaweza kutangaza faida mwezi wa tatu na kukosa mshahara mwezi wa tano bila mtu yeyote kuiba.

Kwa hiyo nilimwambia aruke kurasa za picha na salamu za mwenyekiti, aende kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Huwa na sehemu tatu: fedha zilizotokana na shughuli za kawaida za biashara, zilizotumika kununua au kuuza mali, na zilizotokana na mikopo au wenye hisa. Sehemu ya kwanza ndiyo inayosema kama biashara inajilisha yenyewe. Ya kampuni hii ilikuwa hasi milioni 40.

Faida 60, fedha hasi 40. Tofauti hiyo lazima iwe imekaa mahali, na hapo hapo kwenye taarifa unaonyeshwa ni wapi. Kwenye 60 waliongeza uchakavu wa mali, milioni 10, kwa sababu uchakavu hupunguza faida lakini hakuna fedha inayotoka. Kisha wakatoa 160, ongezeko la fedha ambazo wateja walikuwa hawajalipa. Halafu wakajumlisha 50, bili za wasambazaji ambazo kampuni yenyewe ilikuwa haijazilipa. Matokeo ni hasi 40.

Hapo hadithi ilianza kujisimulia. Mauzo yalikuwa yamepanda kutoka milioni 730 hadi 900, na meneja yeyote angejisifu kwa hilo. Lakini madeni ya wateja yalikuwa yametoka 150 hadi 310. Gawanya 310 kwa 900 kisha zidisha kwa 365, unapata kama siku 126. Mwaka uliotangulia hesabu hiyo hiyo ilitoa siku 75. Yaani mteja aliyekuwa akilipa baada ya miezi miwili na nusu sasa anachukua miezi minne na zaidi. Ama kampuni inauza kwa mkopo kwa watu wasiolipa, ama imeandika kama mauzo kitu ambacho mteja bado anakibishia. Yote mawili huishia kwenye mshahara.

Mpwa wangu alinibishia kidogo, na alikuwa na hoja. "Mbona salio la benki limepanda kutoka 14 hadi 24?" Ni kweli lilipanda. Angalia sehemu ya tatu: walikuwa wamekopa milioni 55 kwa muda mfupi. Kwenye sehemu ya pili, 5 walinunulia vifaa. Toa 40, ongeza 55, toa 5, unapata 10. Ongezeko lote lilikuwa la benki iliyowakopesha. Na mishahara yao ilikuwa kama milioni 20 kwa mwezi, kwa hiyo salio lile lingewabeba kwa wiki tano tu kama wateja wangeacha kulipa kabisa.

Aliniuliza pia kuhusu maoni ya mkaguzi, maana yalikuwa safi. Hapa najisema mwenyewe pamoja na wenzangu. Mkaguzi akiona shaka kubwa kama kampuni itaendelea na shughuli zake kwa angalau miezi 12 ijayo, lazima shaka hiyo ionekane kwenye ripoti yake, kwa kawaida chini ya kichwa chake chenyewe. Ukikikuta kifungu hicho, kisome mara mbili. Usipokikuta, usilale usingizi. Carillion, kampuni kubwa ya ujenzi na huduma ya Uingereza, ilitoa ripoti yake ya 2016 mwezi Machi 2017 ikiwa na faida, gawio na maoni safi ya mkaguzi. Julai ikatangaza kwamba inafuta pauni milioni 845 kwenye thamani ya mikataba yake. Januari 15, 2018 ikawekwa chini ya mfilisi, ikiwa imebaki na pauni milioni 29 taslimu na wafanyakazi wapatao 43,000. Wasambazaji wake walikuwa wamelalamika kwa muda mrefu kwamba wanacheleweshewa malipo.

Ndiyo maana nikimaliza karatasi natafuta watu. Kampuni nyingi za binafsi hazichapishi hesabu popote pa kuonekana, na hapo watu ndio ushahidi pekee. Maoni ya mtandaoni nayasoma, ila naangalia tarehe kuliko nyota: sifa 15 zilizoandikwa wiki moja, zote kwa lugha ya idara ya rasilimali watu, nazitupa. Lalamiko moja linalotaja mwezi na kitu mahususi nalishika.

Bora zaidi ni kumpata mtu aliyeondoka ndani ya mwaka mmoja. Usimuulize kama kampuni ni nzuri, atakujibu kwa hasira zake au kwa adabu zake. Muulize mambo mawili. La kwanza, mishahara ya miezi yake sita ya mwisho iliingia tarehe ngapi. Watu hukumbuka, na wasipokumbuka simu yao ina ujumbe wa benki. La pili, kama makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii yalifika kwenye mfuko. Hili la pili ndilo ninaloliamini kuliko yote. Kampuni iliyobanwa huanza kukopa mahali pasipopiga kelele: inakata kwenye hati ya mshahara, haipeleki, na mfanyakazi hajui mpaka aombe taarifa ya michango yake aone miezi yenye mapengo.

Mpwa wangu alipata watu wawili. Mmoja alisema hakuona tatizo, lakini alikuwa ameondoka kabla ya mwaka ule wa hesabu, kwa hiyo ushahidi wake nikauweka pembeni. Wa pili alifungua simu yake wakiwa wamekaa pamoja: tarehe 28, 30, 2, 5, 5, 8. Michango ilikuwa na pengo la miezi mitatu.

Nilimshauri awape kampuni nafasi ya kujieleza kabla ya kukataa, kwa sababu kuchelewa kunaweza kuwa na sababu ya muda tu. Alimuuliza meneja wa fedha mishahara ya mwezi uliopita iliingia lini. Akajibu, "Kwa kawaida ni tarehe 30." Mpwa wangu akarudia swali: mwezi uliopita. Meneja akasema kuna mteja mmoja mkubwa anayesubiriwa, akishalipa kila kitu kitakaa sawa. Alipoulizwa mteja huyo anadaiwa tangu lini, akageuza mazungumzo kwenye bima ya afya.

Hakusaini. Kampuni bado ipo, na yule mteja mkubwa nasikia alilipa sehemu. Mara ya mwisho mpwa wangu alipozungumza na mtu wa ndani, mshahara ulikuwa umeingia tarehe 11.